Baba Asiye na Ndoa Lubumbashi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Hapa Lubumbashi mwanaume anaweza kumlisha mtoto miaka kumi, akamlipia minervali, akampeleka Sendwe usiku homa ikipanda, na bado siku ya kusimama mbele ya juji akaonekana mgeni kwa mtoto huyo. Mwingine hajanunua hata kopo la maziwa, ila aliweka sahihi yake katika kitabu cha komini, naye sheria inamwita baba. Unaweza kuona hiyo si haki. Lakini ndivyo ilivyo, na anayepuuza atajifunza siku mbaya.

Sheria inayohusika ni Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Pembeni yake iko sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo ndiyo iliyoanzisha tribinali ya watoto. Kodi haikufichi kitu: kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye ruhusa ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Kwa mama, kuzaa kwenyewe kunatosha. Kwa baba ziko njia tatu tu: ndoa, tangazo lake mwenyewe mbele ya eta-sivili, au hukumu ya tribinali. Tangazo hilo Kifaransa cha ofisini kinaliita afiliasio, na ndilo tutakalolizungumzia zaidi, kwa sababu wanaume wengi huliruka.

Jua kwanza kama umeoa au hujaoa.

Usicheke. Wanaume wengi wa Katuba na Kenya hawajui jibu. Kama wazee wako walikwenda, mali ikatolewa, japo nusu yake, na familia mbili zikafanya sherehe ya kukukabidhi mke, basi ndoa iko, hata kama hamkuiandikisha komini. Kuandikisha ni lazima, na usipoandikisha utapata shida kuithibitisha mbele ya watu wengine, lakini wewe si baba wa nje ya ndoa. Mtoto aliyezaliwa humo anahesabiwa kuwa wako bila afiliasio. Kazi yako ni kwenda kuiandikisha ndoa hiyo, ukiwa na mashahidi wa pande mbili.

Kama mliingia tu chumba kimoja, mkanunua kitanda na friji, majirani wakaanza kumwita mama fulani, hiyo si ndoa. Baraka ya pasta peke yake pia si ndoa mbele ya serikali. Kujipeleka, yaani kufika kwa wazazi wake na kreti za bia ili wakufahamu, nako si ndoa. Kama uko katika kundi hili, endelea kusoma.

Andikisha kuzaliwa ndani ya siku 90.

Hospitali itawapa sertifika ya kuzaliwa. Watu huikunja, huiweka kwenye plastiki pamoja na kadi ya chanjo, wakadhani wamemaliza. Sertifika ya hospitali inasema tu kwamba mwanamke fulani amezaa mtoto wa kiume au wa kike, siku fulani, saa fulani. Akti ya kuzaliwa ni kitu kingine: inaandikwa na afisa wa eta-sivili wa komini, katika rejista ya serikali, kutokana na ile sertifika. Siku 90 zinahesabiwa tangu kuzaliwa. Kuandikisha ndani ya muda huo ni bure. Afisa akikuambia kuna malipo, mwombe risiti yenye mhuri, uone atajibu nini.

Nenda wewe mwenyewe. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanza. Baba yuko mgodini Kolwezi au barabarani na lori, anamtuma shangazi aende na mama wa mtoto. Afisa anauliza baba ni nani, shangazi anataja jina. Jina linaweza kuandikwa, au nafasi ikaachwa wazi, kulingana na afisa wa siku hiyo. Lakini jina lako likitajwa na mtu mwingine huku wewe hupo na hukumpa uwezo wa maandishi, hilo si neno lako. Siku mtakapogombana, upande wa mama utasema hujawahi kutangaza kitu, na watakuwa na hoja. Kama huwezi kabisa kufika, tengeneza prokirasio halali kwa notari, yenye jina la mtoto, jina la mama, na maneno wazi kwamba unamtambua mtoto huyo kuwa wako.

Siku 90 zikipita, afisa hana tena ruhusa ya kuandika kwa kukuonea huruma. Itabidi kupita tribinali ya watoto, upate hukumu ya kujaza pengo hilo, ndipo komini iandike kwa kufuata hukumu. Hapo kuna dosie, kuna mashahidi, kuna kurudi kesho na keshokutwa. Epuka mkato wa kubadili tarehe ya kuzaliwa ili ionekane muda haujapita. Ni uongo katika hati ya serikali, na sertifika ya hospitali, yenye tarehe ya kweli, iko mikononi mwa mama.

Fanya afiliasio ndani ya miezi 12.

Kifungu cha 614 cha Kodi kinataka kila mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa afanyiwe afiliasio ndani ya miezi 12 baada ya kuzaliwa. Ni wajibu wa baba, wala si zawadi anayompa mtoto akijisikia. Njia nyepesi ni kufanya yote siku moja: unapokwenda kuandikisha kuzaliwa, mwambie afisa kwa maneno wazi kwamba mtoto amezaliwa nje ya ndoa, kwamba wewe ndiye baba, na kwamba unataka tangazo lako liandikwe. Kama akti ilikwisha kuandikwa bila wewe, unarudi na nakala yake, kadi yako ya utambulisho au ya mpiga kura, na afisa anaandika akti ya afiliasio kisha anaigusia pembeni mwa akti ya kuzaliwa.

Nenda pamoja na mama wa mtoto, hata kama hamsalimiani. Uwepo wake unafunga mdomo wa maswali mengi: anasikia tangazo, anaweka sahihi, na baadaye hatasema lilifanywa gizani. Kabla ya kutoka ofisini soma kilichoandikwa, neno kwa neno. Jina lako liko sawa na kwenye kadi? Jina la mtoto limeandikwa kama mlivyokubaliana? Neno la afiliasio liko, au afisa ameandika tu jina la baba na kupita? Kosa la herufi moja linarekebishwa siku hiyo kwa dakika chache. Baada ya mwezi, linataka juji.

Na afisa akitumia katika karatasi neno la kumwita mtoto wa zinaa, mkatalie hapohapo. Kodi inahesabu maneno ya aina hiyo katika hati za serikali kuwa tusi. Mtoto aliyefanyiwa afiliasio ana haki zilezile za yule wa ndoa.

Usidhani vitu hivi vimekufanya baba.

Kumpa mtoto jina la baba yako hakutoshi. Kwetu jina la ukoo halimfuati mtoto kwa lazima kama kwa Wazungu, na mtu anaweza kumpa mtoto jina la rafiki, la mkunga au la nkambo wa upande wa mama. Juji haoni jina hilo kuwa ushahidi mzito.

Cheti cha ubatizo chenye jina lako, picha za siku ya kuzaliwa, jumbe za M-Pesa na Airtel Money, risiti za shule: vyote hivyo ni vya kutunza, na nitaeleza chini vinafanya kazi gani. Lakini hakuna kati yake kinachochukua nafasi ya afiliasio. Mwanaume anayetuma pesa kila mwezi bila kutangaza anaweza kuambiwa kwa adabu kabisa kwamba alikuwa msaidizi mwema wa familia.

Amandi ya mimba nayo iko hapa. Familia ya msichana imeita kikao, wazee wako wameketi, wamelipa mbuzi, vitenge, na pesa taslimu, wakapeana mikono. Vizuri, umetuliza ugomvi. Lakini kikao kile hakikuandika kitu katika rejista. Waombe wazee wa pande zote mbili waandike karatasi ya waliyokubaliana, waiwekee sahihi na tarehe, kisha ichukue karatasi hiyo uende nayo komini. Bila safari hiyo ya komini umelipa faini tu.

Usiache mila ikuchagulie baba wa mtoto, wala usiidharau.

Mji huu umejaa watu wa mila zisizofanana. Kwa Waluba wa Katanga mtoto kwa kawaida anahesabiwa upande wa baba. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unapita kwa mama, na mjomba ana sauti ambayo kijana wa Kiluba aliyekulia Kamalondo hakuwahi kuisikia kwao. Ndiyo maana baba anafika na mfuko wa nguo za mtoto anajibiwa mlangoni: “Uyu mwana ni wetu, weye haukulipa kintu.” Anayesema hivyo si lazima awe na roho mbaya. Anasema alichofundishwa.

Sheria iko juu ya mila katika jambo hili. Mtoto ana baba na mama, na afiliasio haigeuki batili kwa sababu mjomba hakupata blanketi lake. Lakini ukiingia kwao ukipeperusha karatasi ya komini kama polisi, utashinda kwa karatasi na kumkosa mtoto, kwa sababu mlango ni wao na mtoto analala ndani. Tuma mtu aliyekuzidi umri, yaya au baba mdogo, aende kwa upole, aeleze kwamba jina limekwisha kuandikwa na kwamba hamji kumnunua mtoto. Tena kuwa makini na upande wa pili: ukikuta wanasema watakuruhusu kutangaza tu baada ya kulipa dola kadhaa, usikubali kulifanya tangazo liwe bidhaa. Unaweza kulipa heshima ya mila kwa wakati wake. Muda wa miezi 12 haumsubiri mjomba.

Mfano wa hesabu yenyewe.

Chukua fundi wa pikipiki wa Ruashi. Mwenzake anazaa tarehe 3 Machi, akiwa kwa mama yake Kampemba. Hawajaoana: hajatoa mali, amekwenda mara moja tu kujitambulisha. Siku 90 za kuandikisha zinaisha tarehe 1 Juni. Miezi 12 ya afiliasio inaisha mwezi Machi mwaka unaofuata.

Mwezi wa Aprili wanagombana, mama wa msichana anafunga mlango. Fundi anakosa usingizi, anakwenda kila jumapili kugonga geti, anarudi. Mpaka hapo amefanya kosa moja tu, lakini kubwa: anagonga geti ambalo siyo. Mwezi wa Mei anapata akili, anakwenda komini ya Kampemba na kuuliza kama mtoto ameandikishwa. Anaambiwa ndiyo, tarehe 20 Machi, na nafasi ya baba ni tupu. Anaomba nakala ya akti. Anarudi na kadi yake na watu wawili wa kushuhudia, mmoja wao muuguzi jirani aliyempeleka mwanamke hospitali pamoja naye. Anatangaza afiliasio. Mama wa mtoto aliitwa, hakuja.

Sasa nini? Tangazo limeandikwa. Mama, akiwa na sababu ya kusema fundi huyu siye baba, ana haki ya kulipinga mbele ya juji, na ni juu yake kuleta hoja. Asipolipinga, fundi ni baba tangu kuzaliwa kwa mtoto. Ila tazama alichokosa kupata: hakupata ruhusa ya kuingia Kampemba akambeba mtoto. Amepata msimamo, siyo mtoto mkononi. Hatua yake inayofuata ni barua ya heshima kwa mama wa mtoto, ikiambatana na nakala ya afiliasio, ikiomba siku za kumwona mtoto na kutaja pesa atakazoleta kila mwezi. Barua ikikaa bila jibu, anakwenda tribinali akiwa na kitu cha kuweka mezani: afiliasio, barua, jumbe za pesa.

Fundi wa pili, hali ileile, alingoja wakorofi watulie. Mtoto akafika miaka minne. Sasa mama ameolewa Likasi na mume mpya anataka kumwandikisha mtoto shuleni kwa jina lake. Huyu bado ana nafasi, lakini amechelewa, na atakapofika mbele ya juji swali la kwanza ataulizwa alikuwa wapi.

Usimchukue mtoto kwa nguvu.

Hili halina maelezo marefu. Kumpitia mtoto shuleni bila mama kujua, kumpakia basi kwenda Kolwezi kwa nkambo, kumvusha Kasumbalesa kwenda Zambia: kila mojawapo inaweza kukupeleka parke, na inaharibu dosie yako yote. Hata baba mwenye afiliasio iliyokamilika anashtakiwa akimficha mtoto. Mpakani maafisa wa DGM wataomba karatasi za mtoto na idhini ya mzazi mwenzio, nao wameshaona baba wengi wanaosema mama amesahau karatasi nyumbani.

Na mama naye akimficha mtoto wakati juji amekupa siku za kumwona, usijibu kwa kumteka. Rudi kwa grefye na hukumu yako, ueleze siku gani ulikwenda ukafukuzwa, nani alishuhudia. Andika tarehe hizo kwenye daftari siku hiyohiyo.

Mlango ukifungwa kabisa, nenda tribinali ya watoto.

Sheria ya 2009 imeipa tribinali ya watoto maswali ya utambulisho, uzazi na ujamaa wa mtoto. Ina chumba cha kwanza na chumba cha rufaa, kwa hiyo ukishindwa mara ya kwanza hujamaliza. Unawasilisha ombi kwa grefye, unaeleza mtoto ni nani, mama ni nani, unaomba nini. Avoka anasaidia, ila hata asiye naye asikae nyumbani.

Hapo ndipo jumbe za M-Pesa na picha zinapopata kazi yake. Juji atataka kujua kama uliishi na mtoto huyo kama baba: ulimlipia nini, nani anakufahamu kuwa babake, mtaani mtoto anaitwa wa nani, shule ilimwandika wa nani. Mashahidi wazuri ni watu wasio na faida yoyote katika kesi: mwenye nyumba mlimopanga, muuguzi wa sentri, mwalimu. Ndugu zako kumi wakija kusema neno moja, wanahesabiwa kama ndugu mmoja. Tena si baba peke yake anayeweza kwenda huko. Mtoto, kupitia kwa mama yake, anaweza kumshtaki mwanaume anayekana, ili uzazi uthibitishwe kwa hukumu. Unayesoma haya ukidhani kutotangaza kutakuepusha na matunzo, jihadhari: hukumu hiyo itakupa wajibu wote na sifa mbaya juu yake.

Juji anaweza kumtuma asista sosiali kutembelea nyumba zote mbili. Usimpangie maigizo. Ataona kitanda cha mtoto kama kipo, atamuuliza mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, atamuuliza jirani. Maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia kila uamuzi, kwa sheria ya 2009, na hilo linamaanisha kwamba baba bora hashindi kwa ubora wake. Mtoto mchanga anayenyonya hatatolewa kwa mama yake kwa sababu wewe una nyumba ya matofali.

Usitangaze mtoto wa mwanamke aliyeolewa na mwingine.

Kama mama wa mtoto ana mume halali, hata kama wametengana miaka miwili na hamuoni mumewe machoni, sheria inamhesabu mume huyo kuwa baba. Vilevile mtoto akizaliwa ndani ya siku 300 baada ya ndoa kuvunjika. Kwa hiyo afiliasio yako haiwezi kukaa juu ya uzazi uliokwisha kuwekwa. Kwanza uzazi wa mume huyo uondolewe mahakamani, na kesi hiyo ina watu wake na muda wake. Hapa tafuta avoka kabla ya kumkaribia afisa wa komini. Kusema uongo kwamba mwanamke hajaolewa kutaanguka siku mume atakapoleta akti yake ya ndoa.

Ukishapata mamlaka, yabebe yote.

Mtoto aliye na baba na mama yuko chini ya mamlaka ya wote wawili pamoja mpaka miaka 18. Kifungu cha 317 kinataja mwili wake, mali yake, ulinzi, usalama, afya na maadili. Kwa lugha ya mtaani: shule gani, operesheni hii ifanywe au la, asafiri au asisafiri. Huna ruhusa ya kuamua peke yako kwa kuwa wewe ni mwanaume, na mama hana ruhusa ya kukuficha kwa kuwa mtoto analala kwake.

Usichanganye pesa na kumwona mtoto. Baba anasema: hawanipi mtoto, sitoi kitu. Mama anasema: hatoi kitu, sitampa mtoto. Mbele ya juji wote wawili wamekosa, kwa sababu matunzo ni ya mtoto, siyo kodi ya mlango. Endelea kutuma, tena kwa njia inayoacha alama. Pesa taslimu iliyopitia mkono wa binamu haina kumbukumbu, na binamu pia ana njaa.

Kama una mke nyumbani, mwambie. Mwambie kabla hujaenda komini, siyo baada ya yeye kuona akti kwenye begi. Mtoto wa nje hapelekwi kulelewa nyumba ya ndoa kama mzigo ulioshushwa usiku, na mke anayelazimishwa hatamlea mtoto, atamvumilia tu, na mtoto atajua tofauti.

Usife bila kutangaza.

Kifungu cha 758 kinawapanga warithi wa kwanza: watoto wa ndoa, watoto wa nje ya ndoa waliofanyiwa afiliasio baba akiwa hai, na watoto wa kuasilishwa. Robo tatu ya mali inaenda kwa kundi hilo. Soma tena maneno “akiwa hai”. Kijana anayejulikana Bel-Air yote kuwa mtoto wa marehemu, mwenye uso wa marehemu, atakaa nje ya kikao cha urithi kama jina lake halimo katika rejista. Baba zake wadogo watamkumbatia msibani, na siku ya arobaini watamwuliza karatasi.

Kwa mtoto ambaye hakuna mwanaume aliyetangazwa wala kuhukumiwa kuwa babake, tribinali inaweza kumteulia baba wa kisheria, kutoka familia ya mama au mtu anayependekezwa na mama. Mara nyingi ni mjomba. Mtu huyo anabeba haki na wajibu wa baba. Nafasi hiyo ikijazwa, wewe uliyengoja utakuta kiti kina mtu.

Weka nakala tatu za afiliasio zilizopigwa mhuri: moja kwako, moja kwa mama wa mtoto, moja kwa dada yako mkubwa. Rejista za komini huliwa na mchwa, huloweshwa na mvua, na Lubumbashi imewahi kuona vita na uporaji.